Namna ya Kumjibu Mwenzako wa Shule Aliyekuandikia Baada ya Miaka Mingi ya Ukimya

Ujumbe wa namna hii huja bila taarifa. Namba usiyoijua inakuandikia jioni, na unapofungua unakuta ni mtu mliyelala naye bweni moja, mkala naye ugali na maharage ya shule kwa miaka minne, kisha mkaachana siku ya kumaliza mitihani na msisikilizane tena. Anataka jambo moja tu: kujua maisha yanakwendaje. Wengi hufurahi kweli, lakini wanapotaka kujibu mkono unakuwa mzito, kwa sababu miaka 20 haina mahali pa kuanzia. Matokeo yake ni moja kati ya mawili. Ama mtu anajibu kwa maneno manne, "Safi tu, nashukuru, wewe?", ama anaahirisha mpaka anaona aibu kujibu kabisa.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Wahusika ni wanawake wawili waliosoma shule ya bweni ya wasichana huko Nyanda za Juu Kusini, Tanzania, wakamaliza Kidato cha Nne mwaka 2003. Mmoja yuko Njombe, mwenzake yuko Mwanza. Huyu wa Mwanza ndiye aliyeandika kwa WhatsApp, na ujumbe wake ni huu:

"Habari za siku nyingi, ndugu yangu. Sijui kama utanikumbuka. Ni mimi niliyelala kitanda cha juu yako mpaka tulipomaliza. Namba yako nimepewa na mwenzetu aliyekuwa kiranja wa bweni. Siku hizi niko Mwanza. Nimekukumbuka sana, nikasema nikusalimie. Maisha yanakwendaje? Na mzee hajambo? Sijausahau mkate wake wa siku za kutembelewa."

Ujumbe ni mfupi, lakini una mtego ambao mwandishi wake hakuutega kwa makusudi: mzee anayeulizwa alikwisha kufariki. Aliyepokea ana mambo mengine mawili ya kuamua. Alipoteza kazi Dar es Salaam mwaka 2020 akarudi nyumbani, na ndoa yake ilivunjika. Haya ndiyo yanayolifanya jibu liwe gumu, nayo ndiyo tutakayoyashughulikia zaidi.

Kwanza, pokea ujumbe siku hiyo hiyo

Jibu kamili halihitaji kuandikwa usiku huo, lakini mapokezi yanahitaji. Aliyekaa kimya miaka mingi kisha akaandika amejipa moyo, na kwenye simu yake anaziona zile alama mbili za buluu zinazomwambia kwamba umesoma. Kila siku inayopita baada ya hapo anaanza kujiuliza kama amefanya vibaya kukutafuta. Kwa hiyo andika sentensi mbili na ahadi yenye siku ndani yake: "Ndugu yangu, nimeupata ujumbe wako na nimefurahi mno kukusikia. Nipe mpaka Jumamosi nitulie, nikuandikie vizuri." Ukisema Jumamosi, basi iwe Jumamosi. Ahadi ya "nitakuandikia" isiyo na siku ndiyo iliyowapoteza watu wengi mara ya kwanza.

Jibu kwa njia aliyoitumia yeye. Ameandika, nawe andika. Ujumbe wa sauti wa dakika nyingi unamlazimisha atafute mahali pa faragha pa kusikiliza, na hawezi kuurudia sentensi moja moja kama anavyoweza kurudia maandishi. Kumpigia ghafla kunaweza kumkuta kazini au katikati ya watu, na mazungumzo ya kwanza baada ya miaka 20 yakawa ya kukatizana. Simu ina zamu yake, nayo itakuja baadaye.

Katika siku hizo mbili tatu, jihakikishie pia kwamba ni yeye. Wapo matapeli wanaoteka akaunti za watu na kuwaandikia marafiki wa mwenye akaunti kwa jina lake, na wapo wanaojifanya wenzako wa shule kwa sababu jina la shule yako linaonekana kwenye ukurasa wako. Usimhoji rafiki yako kama mtuhumiwa. Njia ya upole ni kumuuliza yule aliyetajwa kuwa ametoa namba, au kuweka katika jibu lako kumbukumbu iliyoachwa nusu, ambayo mwenzako wa kweli ataimalizia mwenyewe kwa furaha. Tapeli huikwepa kumbukumbu na kukimbilia haja yake. Akikuomba umtumie tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yako kwa ujumbe mfupi, usizitume kwa hali yoyote, maana hizo ndizo zinazofungua akaunti yako ya WhatsApp. Akiomba pesa kabla hata hajaulizia hali, mpigie kwanza umsikie sauti.

Pima ujumbe wake kabla ya kupima wako

Usome ujumbe mara ya pili ukiwa na kalamu, utazame ameuliza nini hasa na ametoa nini. Mwenzetu wa Mwanza ameuliza mambo mawili: maisha, na mzee. Ametoa matatu: anakokaa, alivyoipata namba, na kumbukumbu ya mkate. Hakusema kama ameolewa, kama ana watoto, wala anafanya kazi gani. Huenda alisahau, na huenda ameacha kwa sababu. Kwa kuwa hujui ni lipi kati ya hayo, kuwa mwangalifu katika kuuliza kwako.

Hili ni jambo ambalo watu hulikosea kwa wema kabisa. Kuuliza "mumeo hajambo?" au "una watoto wangapi sasa?" kunamweka mwenzako mahali ambapo, kama ni mjane, au ametalikiana, au hajajaliwa mtoto baada ya kuhangaika, itambidi ajieleze au adanganye katika barua ya kwanza. Salamu zetu za kawaida zina dawa ya jambo hili. Ukiandika "nyumbani hawajambo?", nyumbani ni popote anapopahesabu yeye, na waliomo ni wale anaowataja yeye. Anaweza kukujibu kwa orodha ya watoto watano au kwa neno "hatujambo", na yote mawili ni majibu kamili.

Urefu nao unapimwa hivyo hivyo. Ujumbe wa mistari sita haujibiwi kwa kurasa nne, kwa sababu mwenzako ataona amedaiwa kurasa nne naye. Mara nne au tano ya urefu wake inatosha kuonyesha kwamba umekaa na kuandika. Katika mfano wetu tutaandika aya nne na mstari wa salamu za kufunga.

Namna ya kumwita

Mlipokuwa shuleni mlikuwa mnaitana kwa jina la ukoo, au kwa jina la utani ambalo walimu hawakulijua. Sasa huenda anaitwa Mama Fulani, Daktari, Mchungaji au Mheshimiwa. Anza na jina la zamani alilokuwa akilipenda, kwa sababu ndilo alilokujia nalo, kisha mfuate jinsi anavyojiita katika jibu lake la pili. Jina la utani lililotokana na umbo, umaskini au kabila la mtu lisitumike hata kama alikuwa akicheka zamani. Mtoto wa bweni hucheka pia asipokuwa na la kufanya. Aliyekuwa mbele yako kidato anabaki kuwa dada au kaka, hata kama leo wewe ndiye mwenye cheo. "Ndugu yangu" ni salama kwa wote.

Usihesabu nani aliyemwacha mwenzake

Kuna maneno ambayo yakisemwa uso kwa uso kwa kicheko ni utani mtamu, lakini yakiandikwa yanabaki bila uso. "Umetutupa", "leo umekumbuka nini?", "kumbe upo!" ni ya namna hiyo. Aliyeandika kwanza tayari anajihisi mkosaji kwa miaka yote, na maneno hayo yanamthibitishia. Afadhali kusema "tulipoteana", kwa kuwa mmepoteana kweli wote wawili, na kumshukuru waziwazi kwa kukutafuta. Wala usijiangushe mno kwa kuomba msamaha aya nzima. Radhi ya ukimya ni sentensi moja, na ikizidi hapo itamlazimu yeye aanze kukubembeleza badala ya kufurahi.

Habari za msiba

Hapa ndipo mahali pagumu, na ndipo pa kukaa muda mrefu. Ameuliza "mzee hajambo?" kwa moyo safi. Ukiacha kulijibu swali hilo, atalirudia kwenye simu, na hapo litawaumiza wote wawili. Ukilitupia mwishoni baada ya habari za shamba na watoto, atasoma habari zote hizo akitabasamu, kisha ajione mjinga kwa tabasamu lake. Ukilianza kabla ya salamu, utakuwa umegeuza ujumbe wake wa furaha kuwa taarifa ya msiba.

Mahali pake ni mara tu baada ya salamu na shukrani, kabla ya habari zako mwenyewe. Sentensi iwe moja, kamili, yenye mwaka na sababu kwa ufupi, ili asibaki na maswali ambayo ataona haya kuuliza. Itumie lugha ya heshima mliyoizoea: "alitutoka", "alifariki dunia", au kwa Waislamu "alirejea kwa Mola wake". Sentensi inayofuata imwondolee lawama, kwa maana hakuwa na njia ya kujua. Ya tatu irudi kwenye kitu alichokitaja yeye, ambacho katika mfano wetu ni mkate, kwa sababu kumbukumbu hiyo ni zawadi kwa mfiwa na inafaa ipokelewe kama zawadi. Baada ya hapo endelea na habari za walio hai. Pole atakupa katika jibu lake, na mwachie nafasi hiyo. Usimalize maneno yote ya faraja peke yako.

Nawe ukitaka kujua habari za wazazi wake, kumbuka kwamba mtego huo huo unaweza kuwa upande wake. "Wazazi wako wazima?" linamsukuma ukutani. "Ningependa kusikia habari za wazee wa kwenu pia" linamwachia aseme kwa namna na wakati wake.

Maisha yako kwa sentensi chache za kweli

Swali la maisha yanakwendaje huwafanya watu waandike wasifu wa kuombea kazi: nilisoma hapa, nikaajiriwa pale, nikapandishwa cheo, nikajenga. Mwenzako wa bweni akisoma orodha hiyo hamwoni yule aliyemjua, na kama mambo yake si mazuri, hataandika tena. Wengine huenda upande wa pili na kumwaga shida zote, mpaka msomaji anahisi kwamba anaombwa msaada.

Nashauri uchague zamu tatu tu katika miaka hiyo: ulikokwenda ulipotoka shule, badiliko kubwa moja, na ulipo leo. Badiliko lisemwe lilivyo, pamoja na lilivyokugusa, bila kulipamba. Mwenzetu wa Njombe aseme wazi kwamba kampuni ilipunguza wafanyakazi naye akawa mmoja wao. Akisema "niliamua kurudi nyumbani kulima", huo ni uongo mdogo ambao itabidi aulinde katika kila mazungumzo yajayo, na rafiki wa zamani hastahili kulindiwa uongo.

Ndoa iliyovunjika ni jambo jingine. Ukweli haudai kwamba kila kitu kisemwe katika barua ya kwanza. Unaweza kuandika sentensi ambayo ni kweli yote na bado mlango fulani ukabaki umefungwa: "Nina watoto wawili, ninakaa nao hapa." Mtu mwenye busara ataona kwamba mume hakutajwa na hatauliza, siku mkizungumza, utasema mwenyewe ukitaka. Kuandika "mume wangu hajambo" ili kuepuka maelezo ni kosa ambalo halina njia rahisi ya kurudi.

Kisha, mahali pamoja tu, weka kitu kidogo kinachoonekana. Sentensi kama "shamba linaendelea vizuri" haimpi chochote cha kushika. Mtoto aliyerudi likizo kutoka bweni akiwa amepotelewa na ndoo yake anampa, kwa kuwa nyote wawili mnajua maana ya kupoteza ndoo katika shule yenye bomba moja.

Jibu zima

Tukiyaweka hayo pamoja, barua ya mwenzetu wa Njombe inakuwa hivi:

"Ndugu yangu mpendwa,

Habari za Mwanza, na nyumbani hawajambo? Ningekusahau vipi wewe uliyekuwa ukiniamsha kwa kugonga chuma cha kitanda kabla ya kengele? Ahsante sana kwa kunitafuta. Tulipoteana, kila mmoja akashikwa na yake, na ninakuomba radhi kwa ukimya wa upande wangu.

Umeniuliza habari za mzee. Baba alitutoka mwaka 2016, baada ya kuugua figo kwa muda. Hukuwa na njia ya kujua, kwa hiyo usisikitike kwamba umeuliza. Nimefurahi mno kwamba bado unaukumbuka mkate wake. Mama ni mzima, ninakaa naye. Nilipomsomea ujumbe wako alisema, 'Ni yule binti aliyekuwa hachukui kipande mpaka aambiwe mara tatu.'

Mimi baada ya shule nilisomea uhasibu, nikafanya kazi Dar es Salaam kwa miaka mingi. Mwaka 2020 kampuni ilipunguza wafanyakazi, nami nikawa mmoja wao, na kwa kweli ilinichukua muda kukubali. Sasa niko Njombe, ninalima parachichi katika shamba la baba na kuwaandikia wafanyabiashara wachache vitabu vyao vya hesabu. Nina watoto wawili, ninakaa nao hapa. Mkubwa yuko Kidato cha Pili, bweni, na likizo hii amerudi bila ndoo. Nilitaka kumgombeza, nikakumbuka ndoo yetu ya kijani na mahali tulipoikuta mwishowe.

Nawe je? Ulikuwa ukisema utakuwa muuguzi. Ulifika huko, au njia ilikupeleka kwingine? Ningependa kusikia habari za wazee wa kwenu pia. Niandikie utakapopata nafasi, hakuna haraka. Ukipenda tuzungumze kwa simu, Jumapili baada ya saa kumi na moja jioni huwa nimetulia.

Mama anakusalimu sana. Ni mimi, wa kitanda cha chini."

Tazama ile ndoo ya kijani. Haikuelezwa ilipokutwa. Hiyo ndiyo kumbukumbu iliyoachwa nusu: mwenzake wa kweli ataimalizia katika jibu lake, na hakuna aliyehojiwa. Tazama pia kwamba swali kubwa kwa mwenzake ni moja, na limejengwa juu ya jambo alilolisema yeye mwenyewe akiwa msichana, huku njia ya kutokea ikiwa wazi kwa kusema "au njia ilikupeleka kwingine". Bila maneno hayo, kama hakuwa muuguzi, swali lingekuwa kama hukumu.

Kuhusu kukutana, barua haikusema "lazima tuonane". Kutoka Njombe hadi Mwanza ni safari ndefu ya basi, na ahadi ya kuonana isiyo na nauli wala tarehe huishia kuwa deni. Simu ya Jumapili inawezekana, ndiyo maana imewekewa saa.

Kabla na baada ya kutuma

Isome kwa sauti mara moja. Popote unaposikia unajisifu, kata; popote unaposikia unalalamika kwa zaidi ya sentensi moja, punguza. Hakikisha kila alichouliza kimejibiwa. Kama una mama au ndugu anayemkumbuka, mwambie, umpelekee salamu za kweli. Usizitunge, kwa sababu ataziulizia.

Akijibu siku hiyo hiyo, usimrudishie papo hapo barua nyingine ndefu. Mazungumzo yanayoanza kwa kasi hiyo huchoka ndani ya wiki moja. Asipojibu kwa majuma mawili au matatu, mtumie salamu fupi isiyo na swali: "Nimekukumbuka leo, ndugu yangu. Natumaini mko salama." Huenda habari ya msiba imemshtua akakosa la kusema, au huenda naye ana yake ambayo bado hajui namna ya kuyaandika. Salamu hiyo moja inatosha, usiongeze nyingine.

Na kama kuna kundi la WhatsApp la mliomaliza pamoja, usimwingize bila kumuuliza. Alikutafuta wewe peke yako, akapitia kwa kiranja ingawa angeweza kuomba kuingizwa kundini, na huenda katika darasa lile yupo mtu ambaye hangependa kukutana naye. Muulize baada ya barua ya pili au ya tatu, na akisema bado, usimtajie tena.